Pengo la Kwanza Lilikuwa Mutsamudu

Orodha ile niliipanga mimi. Hakuna aliyenituma kuipanga vile. Mkurugenzi alitaka bidhaa zifuatane kwa namba zake kama ilivyokuwa siku zote, mchele mwanzo na viberiti mwisho. Mimi nikamwambia tuanze na pengo kubwa kuliko yote, tushuke mpaka dogo, ili mtu mwenye haraka asome mistari mitatu tu ajue ghala linavuja wapi. Alicheka, akasema, "Msichana wa Majunga ana akili." Nilitembea na maneno hayo siku nzima kama mtu aliyevishwa shada.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilizaliwa Majunga, ng'ambo, kwenye kisiwa kikubwa cha Bukini, na tulirudishwa visiwani mwaka 1977 baada ya watu wetu kuuawa kule. Tunasema kurudishwa, lakini mimi sikuwa nimewahi kuiona Moroni hata siku moja. Wenyeji walitupa jina la shirika la ndege iliyotuleta, wakalitamka kama unavyotaja ugonjwa. Mama yangu na mimi tulipanga vyumba viwili mtaa wa Magoudjou, kwenye uchochoro ambao jirani akikaanga muhogo unajua ameweka chumvi kiasi gani. Kiswahili, ambacho ndicho ninachoandika hapa, nilikipata kwa bibi yangu mzaa mama, aliyekulia Unguja na hakukubali kusema nami lugha nyingine. Mazungumzo nitakayoyataja yalikuwa kwa Kikomori na Kifaransa; nayaleta kama ninavyoyasikia kichwani.

Kazi niliipata kwa sababu nilijua kupiga taipu. Kampuni yenyewe iliagiza vyakula: mchele, sukari, unga, maziwa ya kopo, mafuta, samaki wa makopo, sabuni. Meli kubwa zilitia nanga mbali, mzigo ukaletwa kwa matishari mpaka bandari ndogo ya Moroni, ukapandishwa kwenye ghala letu. Sehemu yake ilipakiwa tena kwenye vyombo vidogo kwenda tawi la Mutsamudu, kisiwa cha Nzuani. Kisha kompyuta ikaja. Waliiweka kwenye chumba chenye feni, wakaifunika kitambaa kama mwali, na kwa kuwa mimi ndiye niliyezoea vibonye, nikakabidhiwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya mamluki. Watu wa nje wakisikia hivyo hudhani tuliishi kwa milio ya risasi. La. Wazungu wale walikuja na bunduki mwaka 1978, wakamrudisha rais kitini, wakabaki. Wengine walisilimu wakaoa kwetu. Walinunua sigara dukani kama sisi, wakapita na magari yao ya wazi, na sisi tukasogea pembeni mwa njia. Tulizoea kusogea. Baada ya miaka, mtu husogea hata gari halijafika.

Kila mwisho wa mwaka tulihesabu maghala. Kompyuta ilijua kilichoingia na kilichotoka kwa karatasi. Kilichomo kwa macho ilikuwa haikijui. Kwa hiyo milango inafungwa mpaka hesabu iishe, hakiingii kitu wala hakitoki, na watu wanahesabu kwa mkono. Karatasi za kuhesabia nilizitoa mimi, kila moja na namba yake ili isipotee hata moja. Ziliandikwa jina la bidhaa na kipimo chake, gunia, katoni au debe, na mahali pa idadi paliachwa wazi. Idadi ya mashine hatukuiweka makusudi: mhesabuji akiijua atahesabu mpaka aifikie, kisha aache. Baadaye naziingiza hesabu za mkono, mashine inalinganisha, na tofauti inazidishwa kwa bei tuliyonunulia. Hapo ndipo mpangilio wangu ulipoanza kazi, pengo la thamani kubwa juu, dogo chini.

Mwaka ninaousimulia nilipelekwa Mutsamudu mimi mwenyewe kusimamia hesabu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda Nzuani, na bandarini walinicheka kwa lafudhi yangu, ambayo haikuwa ya Ngazija, kisiwa cha Moroni, wala ya Nzuani. Aliyekuja kunipokea alikuwa mtunza ghala wetu, mtu wa makamo, mwembamba, kofia safi na kanzu iliyopauka kwa kufuliwa. Kila mtu alimwita Fundi. Kwetu fundi ni mwalimu. Alasiri, baada ya kufunga ghala, alifundisha watoto Kurani barazani kwake Hombo, hatua chache kutoka hospitali.

Tulihesabu siku mbili. Sijawahi kuona mtu anayehesabu kama yeye. Rundo la magunia hakulihesabu kwa kuzidisha upana kwa urefu kama walivyofanya vijana wa Moroni. Aliwaambia wachukuzi watoe magunia ya katikati kwanza.

"Rundo lina tumbo, mwanangu," aliniambia. "Mwizi hali ubavuni. Anakula tumboni, nje pakabaki pazuri."

Tumbo lilikuwa limejaa. Alinionyesha gunia moja la mchele lililopasuka na panya, amelitenga pembeni, ameandika juu yake siku alilolikuta. Kwenye kila rundo alitundika kadi yake, na kila tulipomaliza bidhaa moja aliichungulia kadi, akatabasamu. Kadi na rundo vilikubaliana kila mara. Mbali na kadi alikuwa na daftari nene alilofunga kwa uzi. Ndani yake aliandika kila mzigo uliofika, chombo kilicholeta, siku, idadi, na nahodha akatia sahihi. Aliandika kwa herufi za Kiarabu, maneno ya Kikomori. Shule ya Kifaransa hakusoma. Mimi nilizisoma herufi zile bila shida, maana nami nilisoma Kurani chuoni kwa bibi.

"Basi wewe ndiye mtu wa kwanza wa ofisi kulisoma daftari langu," alisema. Nikaona amefurahi kweli.

Alinialika chakula cha mchana. Mkewe alipika wali na samaki wa nazi, na binti yao mkubwa akatuletea maji ya kunawa. Binti alikuwa ameposwa na familia ya mjini, watu wazito, wenye nyumba ya mawe karibu na msikiti mkuu. Mama yake alinionyesha sanduku la nguo zilizokwisha kununuliwa. Fundi akamkataza: "Usimchoshe mgeni." Lakini yeye mwenyewe aliendelea kuzungumza habari za harusi mpaka chakula kikapoa.

Nilirudi Moroni na karatasi zote, zimesainiwa na wahesabuji wawili wawili. Niliziingiza. Mara ya kwanza mstari wa juu kabisa ulikuwa viberiti, pengo la kutisha. Nikagundua waliohesabu waliandika katoni mahali ambapo mashine ilihesabu pakiti. Nikarekebisha kipimo, viberiti vikashuka mpaka chini vilikostahili. Nikachapa tena. Mashine ya kuchapa ilikwaruza kama kuku anayeparua changarawe, na karatasi ikatoka mstari kwa mstari.

Mstari wa kwanza: mchele, gunia, ghala la Mutsamudu. Mashine inasema mia tatu themanini na nane. Mkono unasema mia mbili sitini na saba. Pengo mia moja ishirini na moja. Mstari wa pili: maziwa ya kopo, Mutsamudu, katoni sitini. Mstari wa tatu: mafuta, Mutsamudu, madebe arobaini. Baada ya hapo yakafuata mapengo ya kawaida ya dunia, sabuni saba, sukari gunia tatu, samaki wa kopo katoni mbili. Ghala la Moroni, ambalo lilikuwa kubwa mara nne, lilikuja chini kabisa. Lilikuwa safi kama sinia lililorambwa.

Nilipiga simu Mutsamudu, kabla ghala halijafunguliwa, waihesabu upya mistari ile mitatu, kwa watu wengine, bila kuwaambia idadi. Siku ya pili wakanisomea: mia mbili sitini na saba, na idadi zilezile za maziwa na mafuta. Fundi hakukosea hata kopo.

Nilikaa mbele ya karatasi ile. Kilichonisumbua kilikuwa umbo la namba. Upungufu wa kweli hauna umbo. Panya hawali kwa kumi kumi, na mchukuzi anayeficha makopo kwenye kikoi hafikishi sitini kamili. Nilitoa lile gunia moja la panya nililoliona kwa macho yangu, ikabaki mia moja na ishirini. Mia na ishirini, sitini, arobaini. Hizo ni namba za hati, za mtu aliyeketi mezani akaandika.

Basi nikafungua jalada la hati za uhamisho. Kila mzigo uliotoka Moroni kwenda Mutsamudu ulikuwa na hati ya nakala tatu. Ya waridi ilisafiri na mzigo, ikasainiwa na aliyepokea, ikarudi kwangu. Lakini mashine haikuwa na subira ya kungojea nakala ya waridi. Mara tu nilipoingiza hati, ilitoa magunia Moroni na papo hapo kuyaweka Mutsamudu, kana kwamba hapakuwa na bahari katikati. Nikazikuta hati mbili. Moja ya magunia mia na ishirini ya mchele. Nyingine ya katoni sitini za maziwa na madebe arobaini ya mafuta. Nakala zake za waridi zilikuwa bado zimebanwa pamoja na nyingine, hazijawahi kuondoka ofisini. Mahali pa sahihi ya mpokeaji palikuwa peupe.

Nikakumbuka. Hati ile ya mchele niliipiga taipu mimi asubuhi moja kwa kuamriwa na mkurugenzi. Mchana, nikirudi nyumbani, nikaona lori mlangoni mwa ghala likipakiwa, na mzungu mmoja wa kambi ya mamluki amesimama kivulini akivuta sigara. Nilidhani lori litashuka bandarini. Halikushuka, lilikata kushoto, likapanda barabara ya kambini. Nilisogea pembeni lipite.

Sijui mpaka leo kama mchele ule mkurugenzi aliuuza, alitoa zawadi, au alilipia kitu ambacho mtu kama mimi hakutakiwa kukijua. Najua tu kwamba vibali vyetu vya kuagiza havikuchelewa tena tangu hapo.

Kwenye ripoti niliongeza safu moja ya mwisho, ya maelezo. Mbele ya mistari mitatu ya juu nikaandika: hati ya uhamisho haina sahihi ya mpokeaji; mzigo haujathibitishwa kufika. Nikampelekea mkurugenzi.

Alikuwa mtu wa ukoo mkubwa, amekwisha kufanya harusi kubwa ya mila, akiingia bangweni, uwanja wanapokaa wakubwa wa mji, watu wanampisha. Alisoma bila haraka. Kisha akaondoa miwani.

"Safu hii ya mwisho nani alikuagiza?"

"Hakuna, bwana. Nimeona pengo lina maelezo yake."

"Ripoti ya upungufu inaonyesha upungufu. Maelezo anatoa mwenye ghala. Mashine inasema nini?"

"Inasema mzigo uko Mutsamudu."

"Na Mutsamudu upo?"

"Haupo. Lakini haukupelekwa, bwana. Nakala za waridi..."

"Uliona kwamba haukupelekwa?"

Niliitazama ripoti mkononi mwake. Nilikuwa nimeliona lori, na yeye alijua hivyo kwa namna nilivyoepuka macho yake. Hakupaza sauti. Aliniuliza mama yangu anaendeleaje na pumu. Akaniuliza kama karatasi zetu za uraia zimekamilika, maana alisikia kwamba wengi wa wale waliotoka Majunga bado wana karatasi za muda. Akasema ana rafiki anayeshughulika na mambo hayo. Kisha akanirudishia ripoti.

"Mpangilio ni mzuri," alisema. "Pengo kubwa juu. Uache hivyohivyo. Safu ya mwisho iondoe, uchape upya, utie sahihi yako chini, uliyetayarisha."

Nilitamani kuandika hapa kwamba nilisita kwa siku mbili. Sikusita. Nilirudi chumba cha feni, nikafuta safu ile, nikachapa upya, nikatia sahihi. Yote hayo hayakuchukua muda wa kuchemsha chai. Mama nilimwambia tu kwamba mkurugenzi amemuulizia. Akamwombea dua.

Wiki iliyofuata tulikwenda Mutsamudu kwa ndege ndogo, mkurugenzi na mimi. Kikao kilifanyika ofisi ya tawi, juu ya ghala lenyewe, na harufu ya mchele ikipanda kutoka sakafuni. Alikuwapo meneja wa tawi na askari polisi mmoja aliyekaa mlangoni kana kwamba anapunga upepo tu. Fundi aliingia na daftari lake kwapani. Aliponiona uso wake ulitulia.

Mkurugenzi alinitaka nisome. Nikasoma mistari mitatu ya juu, bidhaa, idadi ya mashine, idadi ya mkono, pengo, thamani. Nilisoma kwa sauti ya karani. Hapo ndipo nilipojua nilichokitengeneza. Orodha iliyopangwa kwa namba za bidhaa ingemlazimu kila mmoja kutafuta. Yangu ilimwelekezea mtu kidole kabla hajavuta kiti.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mzigo huo siujui. Sijaupokea. Kadi zangu zinakubaliana na ghala. Huyu mwanangu alihesabu nami, ataniambia kama ninasema uongo."

"Kadi unajaza mwenyewe," mkurugenzi akajibu. "Bila shaka zinakubaliana."

"Basi daftari. Kila chombo kimeandikwa, na sahihi ya nahodha."

Akalifungua mezani. Mkurugenzi aligeuza ukurasa mmoja, wa pili. Bila shaka yeye naye alisoma Kurani utotoni, herufi zile alizijua. Lakini alilisukuma kwa ncha ya kalamu. "Hii si hati ya kampuni. Na hata ingekuwa, mzigo usioandikwa hauthibitishi kwamba haukufika. Unathibitisha kwamba haukuandikwa." Kisha akatoa mkobani nakala mbili za waridi.

Nilizitambua kwa doa la wino pembeni. Mahali pa mpokeaji palikuwa na sahihi. Ilikuwa ya herufi za Kifaransa, ya kukimbia, kama ya mtu aliyesoma lisee, sekondari ya Kifaransa.

Fundi aliinama akaziangalia kwa muda mrefu. "Mimi sijui kuandika hivi," alisema taratibu. "Sahihi yangu mnaijua. Ziko nakala mamia ofisini kwenu. Natia kwa Kiarabu."

"Mtu akitaka kukana sahihi yake huanza kwa kuibadili."

Hapo Fundi akanigeukia. "Mwanangu, wewe ndiye unayetunza majalada. Na daftari langu umelisoma. Waambie."

Mkurugenzi naye akanigeukia, mpole kabisa. "Ndiyo. Wewe ndiye mtunza majalada. Nakala hizi ndivyo ulivyozikuta?"

Feni ya dari ilikuwa ikizunguka na kugonga mahali pamoja. Nilimwona askari mlangoni amekunja mguu. Nilimfikiria mama, pumu yake, karatasi zetu za muda. Nasema nilimfikiria mama, na ni kweli, lakini si yote. Nilifikiria pia chumba cha feni na kompyuta yangu, na kwamba katika Moroni nzima mahali pale tu ndipo nilipokuwa mtu.

"Ndivyo nilivyozikuta," nikasema.

Fundi alilifunga daftari, akalizungushia uzi wake, akaliweka mbele ya mkurugenzi kama mtu anayerudisha funguo. Askari akasimama.

Walimweka ndani wiki tatu. Nduguze waliuza shamba la karafuu la urithi, wakalipa thamani ya mistari yangu mitatu, senti kwa senti kama nilivyoichapa, na yule askari akasema mambo yamekwisha. Kazi alifukuzwa. Wazazi wakawaondoa watoto barazani kwake mmoja mmoja. Hawakugombana naye, walitoa udhuru tu, huyu anaumwa, yule amehamia kwa shangazi. Nani atampeleka mwanawe kujifunza Kitabu kwa mwizi? Familia ya mjini ikarudisha posa, uchumba ukavunjika. Habari hizi nilizipata kipande kipande kutoka kwa watu wa tawi, kwa simu, mwishoni mwa mazungumzo ya kazi.

Mimi nilipandishwa cheo. Karatasi za uraia za mama na zangu zilitoka ndani ya mwezi. Mwaka uliofuata tulihesabu tena, na Mutsamudu pakawa na mtunza ghala mpya, kijana wa ukoo wa mkurugenzi. Mapengo yake hayakuwa makubwa lakini yalikuwa mengi, na yalikuwa ya kweli, kumi na tatu, ishirini na saba, tisa. Niliyapanga kutoka juu kwenda chini. Mkurugenzi aliyasoma, akasema ghala halikosi panya.

Mwishoni mwa mwaka 1989 rais aliuawa, na baada ya majuma machache mamluki wakaondoka kwa ndege askari wa Kifaransa walipofika. Watu walitoka barabarani Moroni wakiimba. Mimi pia nilitoka. Nikaona watu wale ambao ndio waliokuwa wakipakia malori yale sasa wakipiga kelele kuliko wote, na mkurugenzi wetu amesimama kwenye roshani ya ofisi akipungia umati mkono. Hakupoteza hata siku moja ya mshahara. Mtu ambaye ningeweza kumlaumu peke yake alikuwa amepanda ndege, na tukabaki sisi kwa sisi, na kila mmoja akawa na ulimi mpya.

Nilikwenda Hombo mwezi uliofuata. Nilikuwa nimeandika barua ya kurasa mbili, nimeeleza hati mbili, nakala za waridi, lori, safu niliyoifuta. Nilimkuta Fundi barazani, anashona nyavu za watu kwa ujira. Alizeeka kwa miaka zaidi ya ile iliyopita. Alinikaribisha kwa jina la kazi, "karibu, karani", hakuniita mwanangu. Nilipiga magoti nikamsomea barua yote. Nililia kabla sijafika ukurasa wa pili, na yeye akangoja nimalize kulia, akaendelea kushona.

"Nilijua siku ileile," alisema. "Nilipokutazama. Ulilifahamu daftari, kisha ukafunga macho kama mtu asiyejua kusoma."

"Naomba radhi, Fundi."

"Radhi utaiomba kwa Mwenyezi Mungu, huko kuna nafasi. Mimi unataka nikupe nini? Ukitoka hapa umepata radhi, utakula chakula chako vizuri. Na mimi?"

Nilimnyooshea barua.

"Shamba limekwenda," alisema. "Kazi siitaki. Lakini mwanangu yumo ndani, hajaolewa, na watu wanasema kwa sababu ya baba yake. Barua hiyo usinipe mimi. Nenda ukawasomee wale waliorudisha posa. Uwasomee kwa mdomo wako, kama ulivyonisomea mimi siku ile."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni tangu nilipofika. Hakunikaribisha maji.

Nilikwenda siku ileile, nikapanda vichochoro vya mjini nikiuliza njia. Nyumba ya mawe ilikuwa kama Fundi alivyoisimulia. Walinipokea kwa heshima zote, wakanikalisha kwenye zulia, wakanipa chai na keki. Baba wa kijana alikuwapo, na mama yake, na shangazi wawili. Nikawasomea. Safari hii sikulia. Nilieleza namna mashine inavyohamisha mzigo kabla ya chombo kung'oa nanga, namna pengo linavyozaliwa kwenye karatasi, namna sahihi ilivyotiwa. Nikasema: mimi niliyesema ndivyo nilivyozikuta, nilisema uongo.

Walinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza, baba wa kijana alikohoa kidogo.

"Sisi hatukuamini tangu mwanzo kwamba Fundi ni mwizi," alisema. "Mtu huyu tunamjua tangu utoto."

"Basi kwa nini mlirudisha posa?"

Alinitazama kama anavyotazamwa mgeni asiyejua desturi. "Binti yangu, harusi si mambo ya kuamini. Watu walikuwa wanasema."

Mama wa kijana akaongeza, kwa upole, kwamba mwanawe ameshaoa, mwaka juzi, na wana mtoto mmoja. Akanisukumia sahani ya keki. "Kula," alisema, "umetoka mbali."

Nilikula. Nilimaliza kipande chote kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu. Walinisindikiza mpaka mlangoni, wakanitakia safari njema, na shangazi mmoja akaniomba, kama haitakuwa taabu, nikifika Moroni nimwulizie bei ya maziwa ya kopo kwa jumla.